Mshale Unaofuata Umbo: Mafunzo Niliyopata Nikichora Mtiririko wa Kazi

Kazi yangu kwa muda sasa imekuwa kuchora taratibu za kazi za ofisi na vituo vidogo: nani anapokea nini, anapima nini, na kisipofaa kinakwenda wapi. Michoro hii haitulii. Ukishamaliza kuichora, mwenye kituo anaongeza kipimo, anaondoa hatua, au anataka sanduku la juu lishuke chini. Kwa hiyo jambo ninalolijali kuliko uzuri wa rangi ni hili: nikisogeza sanduku, mishale yake iende nalo.

Natumia LibreOffice Draw, kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi bila mtandao, na ofisi nyingi ninazokwenda zinaweza kuiweka hata kwenye kompyuta ya zamani. Mfano nitakaoutumia ni mchoro wa kupokea maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Mfugaji analeta dumu. Mpokeaji anafungua, ananusa na kutazama. Akiridhika anafanya kipimo cha alkoholi: maziwa na alkoholi kwa kiasi sawa katika kichupa, na yakiganda yanakataliwa. Kisha anatumbukiza laktomita kuona kama yameongezwa maji. Yakipita yote yanapimwa uzito, yanaandikwa daftarini, yanamiminwa kwenye tangi la kupozea. Yakishindwa popote yanarudi kwa mfugaji. Hatua ni chache, lakini zinatosha kuonyesha karibu kila tatizo la viunganishi.

1. Mstari wenye mshale si kiunganishi

Kwenye upau wa kuchorea wa Draw kuna mistari yenye mishale, na pembeni yake kuna kundi lenye jina Connectors. Ukiangalia karatasi iliyochapishwa, vyote viwili vinafanana. Tofauti ni kwamba mstari unajua tu unaanzia wapi na kuishia wapi kwenye ukurasa, wakati kiunganishi kinajua kinaanzia kwa nani na kuishia kwa nani. Ukisogeza sanduku, mstari unabaki ulipokuwa, ukielekeza mahali patupu.

Namna ya haraka ya kuvitofautisha ni kubofya kitu hicho mara moja kisha kutazama upau wa hali chini ya dirisha. Kama ni kiunganishi utasoma neno Connector, na kama ni mstari utasoma Line. Mchoro niliorithi kwa mtu mwingine naukagua hivi kabla sijagusa chochote.

Kuna mtego mmoja wa jina. Kwenye maumbo ya Flowchart lipo duara linaloitwa Flowchart: Connector. Hilo ni umbo, si mstari. Ni alama iliyo kwenye kiwango cha ISO 5807 cha mwaka 1985, na kazi yake ni kumwambia msomaji kwamba mtiririko umekatika hapa na unaendelea kwenye duara jingine lenye herufi ileile. Anayetafuta kiunganishi akaangukia duara hilo atahangaika bure kulivuta kutoka sanduku hadi sanduku.

Ukishapata zana yenyewe, bofya ikoni yake mara mbili badala ya moja. Itabaki mkononi hadi ubonyeze Esc, na utaweza kuunganisha mchoro mzima bila kurudi kwenye upau kila baada ya mshale mmoja.

2. Kuna kunasa kwenye umbo na kuna kunasa kwenye nukta

Hili ndilo jambo ambalo likieleweka, nusu ya malalamiko kuhusu viunganishi inaisha. Ukishika zana ya kiunganishi na kupeleka kishale juu ya sanduku, nukta ndogo zinajitokeza kwenye kingo zake, kwa kawaida juu, chini, kushoto na kulia. Draw inaziita Glue Points. Mimi naziita nukta za kunasia. Una njia mbili za kuuachia mshale wako.

Njia ya kwanza ni kuuachia juu ya nukta yenyewe. Hapo ncha imefungwa mahali hapo hasa. Ukilihamisha sanduku kutoka kushoto kwenda kulia kwa ukurasa, ncha itaendelea kushika upande uleule, hata kama inabidi mshale uzunguke nyuma ya sanduku ili kuufikia.

Njia ya pili ni kuuachia ndani ya umbo, mbali na nukta zote. Hapo umefunga kwa umbo zima, na programu inachagua yenyewe nukta inayofanya njia iwe nzuri. Ukisogeza sanduku, ncha inaweza kuhama kutoka upande wa juu kwenda upande wa kulia bila kukuuliza.

Watu wengi huiona tabia hii ya pili kama hitilafu. Wanasema mshale "unaruka." Haujaharibika, umeachiwa uhuru wa kuchagua. Programu nyingine nazo zina tofauti hiyohiyo. Kwenye diagrams.net, ukikaribia umbo zima linazungukwa na rangi ya buluu na mshale utakuwa huru kuhama, na ukikaribia nukta yake inawaka kijani na mshale utafungwa hapo. Visio pia ina aina hizo mbili za mnaso.

Ipi utumie? Ninapoanza, wakati bado sijui sanduku lipi litakaa wapi, nafunga kwa umbo zima, kwa sababu nitasogeza vitu sana na nataka programu initafutie njia. Ila kwenye almasi ya uamuzi sifanyi hivyo hata mwanzoni. Almasi ya "Je, yameganda?" ina milango miwili ya kutokea, Ndiyo na Hapana, na msomaji anategemea kila mara aione Hapana ikishuka chini na Ndiyo ikitoka kulia. Ukiiacha programu ichague, siku moja utasogeza almasi kidogo na mishale yote miwili itatokea upande mmoja. Kwa hiyo almasi nafunga kwenye nukta, masanduku ya kawaida nafunga kwa umbo, na mchoro unapokaribia kukamilika ndipo nayafunga masanduku nayo kwenye nukta.

Kubadilisha aina ya mnaso ni kazi ndogo. Chagua kiunganishi, shika ncha yake, ivute nje ya umbo kisha uirudishe, safari hii juu ya nukta.

3. Unganisha kwanza, panga baadaye, na pindo dogo likuambie ukweli

Kwa kuwa mishale inafuata, hakuna haja ya kupanga masanduku vizuri kabla ya kuyaunganisha. Mimi nayatupa kwenye ukurasa kwa mpangilio wa kukadiria tu, naandika maneno ndani yake, naunganisha yote, halafu ndipo napanga. Faida yake ni kwamba wakati wa kuunganisha akili iko kwenye swali moja, yaani nini kinafuata nini.

Kiunganishi cha kawaida, Standard Connector, hukata kona za mraba. Sanduku la "Pokea dumu" likiwa juu kabisa ya sanduku la "Nusa na tazama," mshale unashuka wima moja kwa moja. Lakini kama vitovu vyao vimepishana hata nusu milimita, mshale unashuka, unapinda kidogo sana upande, halafu unaendelea kushuka. Pindo hilo linaonekana kama kasoro ya kuchapisha, na mara nyingi mtu hujaribu kulinyoosha kwa kuuvuta mshale. Hauwezi kunyooka kwa njia hiyo, kwa sababu kosa liko kwenye masanduku.

Chanzo chake mara nyingi ni upana usiolingana. Sanduku moja lina sentimita 5, jingine sentimita 5.1, na mchoraji ameyapanga kwa kingo zao za kushoto. Kingo zimekaa sawa, lakini kitovu cha la pili kimesogea nusu milimita kwenda kulia. Nachagua masanduku na almasi za safu hiyo, bila viunganishi, kisha kwenye menyu ya Shape, sehemu ya kupanga, nachagua kuziweka sawa kwa vitovu vyao. Mapindo yote yanatoweka papo hapo. Kwa ukubwa, nabonyeza F4 na kuandika upana kwa tarakimu badala ya kukisia kwa kuvuta kona. Menyu hiyohiyo ina amri ya kusambaza vitu ili nafasi kati yao zilingane.

Kama mshale una kona na unataka kipande chake cha katikati kipite mbali kidogo na sanduku fulani, chagua mshale na uvute kishikio kilicho kwenye kipande hicho. Draw inakihesabu kama mkengeuko na kukihifadhi kwenye dirisha la Connector, sehemu ya Line skew. Mkengeuko huo unabaki hata ukisogeza masanduku, na ndiyo maana wakati mwingine mshale uliokuwa mzuri jana leo unazunguka mbali bila sababu. Rudisha thamani hizo kwenye sifuri na njia itapigwa upya. Kwa sababu hiyo mivuto ya namna hii naiacha iwe ya mwisho kabisa.

4. Sanduku linalopokea mishale mingi linahitaji milango yake

Kwenye mchoro wa maziwa, almasi tatu zimepangwa wima upande wa kushoto: harufu na mwonekano, alkoholi, laktomita. Kila moja ina mshale wa kukataa unaokwenda kulia, kwenye sanduku moja la "Rudisha kwa mfugaji." Ukinasa mishale yote mitatu kwenye nukta ya kushoto ya sanduku hilo, inakutana na kulaliana, na kwenye karatasi utaona mstari mmoja mnene wenye matawi. Msomaji anaweza bado kuelewa, lakini ukiongeza mshale mwingine unaokatiza hapo hatajua upi unakwenda wapi.

Dawa ni kulirefusha sanduku na kuliongezea nukta. Tuseme vitovu vya almasi vimeachana sentimita 4. Nalifanya sanduku la kukataa liwe na kimo cha sentimita 12 na kuliweka ili kitovu chake kilingane na almasi ya katikati. Almasi ya juu sasa inatazama sehemu iliyo sentimita 2 kutoka ukingo wa juu wa sanduku, ya katikati sentimita 6, na ya chini sentimita 10. Ile ya sentimita 6 ni nukta ya kushoto iliyokuwepo tangu mwanzo. Nahitaji kuongeza mbili tu.

Nalichagua sanduku, nafungua Edit, kisha Glue Points, na upau mdogo unajitokeza. Nabofya Insert Glue Point na kuweka nukta moja kwenye ukingo wa kushoto mahali pa sentimita 2, nyingine mahali pa sentimita 10. Gridi ikiwa imewashwa na vitu vinajishikiza kwayo, nukta zinakaa mahali pake bila shida.

Nukta ikiwa bado imechaguliwa, kuna mambo mawili kwenye upau huo yanayostahili kuangaliwa. La kwanza ni mwelekeo wa kutokea, Exit Direction. Nachagua kushoto. Usipouweka, programu inaweza kuamua kuuingiza mshale kutoka juu au chini, na utapata kona ya ajabu karibu na ukingo. La pili ni kitufe cha Glue Point Relative. Kikiwa kimewashwa, nukta inashika nafasi yake kwa uwiano: sanduku likirefuka, nayo inasogea kwa kiasi kinacholingana.

Uwiano huo una manufaa makubwa. Siku nafasi kati ya almasi ilipobidi iwe sentimita 5 ili maneno marefu yaingie, nililirefusha sanduku kutoka sentimita 12 hadi 15. Nukta zilizokuwa kwenye sentimita 2 na 10 zilihamia zenyewe kwenye 2.5 na 12.5, na ya katikati ikawa 7.5. Hesabu hiyo inalingana na almasi zilizoachana sentimita 5, na mishale yote mitatu ikabaki imenyooka bila kuguswa. Usitarajie hivyo kama vitovu vya almasi haviachani kwa nafasi sawa. Hapo utazisogeza nukta kwa mkono.

5. Mshale unafuata umbo, haufuati maana

Mama msimamizi wa kituo aliutazama mchoro uliochapishwa na kusema, "Mwanangu, laktomita ije kwanza. Haitumii chochote. Spiriti tunanunua, na tunaimwaga kwa maziwa ambayo tungeyakataa kwa maji tu."

Hoja yake ilikuwa nzuri, na inaonekana kama kazi ya dakika moja: chukua almasi ya laktomita, ipandishe juu, chukua ya alkoholi, ishushe chini. Fanya hivyo na utaona mshale kutoka kwenye almasi ya harufu unaipita laktomita kwenda chini kwenye alkoholi, wa alkoholi unapanda juu kwenye laktomita, na wa laktomita unashuka tena kupita yote kwenda kwenye mizani. Mishale ya kukataa nayo inakatizana. Programu imefanya kile hasa ilichoagizwa. Umesogeza maumbo, na kila mshale umebaki kwa mwenyewe. Mpangilio wa kazi haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali pa kusimama.

Kuna njia mbili za kubadilisha mpangilio wenyewe. Kama maumbo mawili yana milango sawa, yaani kila moja linaingiwa juu, Hapana inatoka chini na Ndiyo inatoka kulia kwenda mahali palepale, basi usisogeze chochote. Badilishana maneno tu. Andika swali la laktomita kwenye almasi ya juu na la alkoholi kwenye ya chini. Mishale iko sahihi tayari. Kwa almasi za maziwa hii ndiyo njia iliyofaa, lakini kwa sharti moja: maswali yaandikwe ili jibu la kukataa liwe neno lilelile. "Je, yameganda?" na "Je, yameongezwa maji?" yote yanakataa kwa Ndiyo. Kama swali la pili lingekuwa "Je, laktomita iko sawa?" Ndiyo yake ingekuwa ya kupita, na kubadilishana maneno kungeyarudisha maziwa mazuri kwa mfugaji na kuyapitisha yenye maji kwenda kwenye kipimo kinachofuata. Tangu hapo naandika maswali ya uamuzi yote kwa upande mmoja katika mchoro mzima.

Kama milango haifanani, itabidi uhamishe ncha. Hatua mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, ncha tatu zenye vichwa vya mshale ndizo zinazohusika: ya mshale unaoingia ya kwanza, ya mshale ulio kati yao, na ya mshale unaotoka ya pili. Nazishika moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa mtiririko, kutoka juu kwenda chini, na sianzi inayofuata mpaka hii imenasa. Baada ya hapo ndipo nasogeza maumbo, kama bado kuna haja.

Kuingiza hatua mpya katikati nako kuna utaratibu wake. Ukiweka sanduku jipya juu ya mshale uliopo, Draw haiukati mshale huo vipande viwili. Sanduku litakaa juu yake tu, na mshale utapita chini kwa chini hadi kwenye sanduku la zamani. Ukiutazama mchoro unaonekana sahihi, kwa sababu sanduku limefunika katikati ya mstari. Msomaji naye atasoma kana kwamba kuna mishale miwili. Udanganyifu huo unafichuka siku utakaposogeza sanduku jipya pembeni na kukuta mstari mmoja haujakatika. Kwa hiyo shika ncha ya mshale wa zamani, ilete kwenye sanduku jipya, halafu chora kiunganishi kingine kutoka sanduku jipya kwenda lile la zamani.

Na ukifuta sanduku, Draw haifuti mishale yake. Inaiacha na ncha zinazoning'inia. Mimi naona hivyo ni bora, maana ncha inayoning'inia inakuonyesha mahali ambapo mtiririko umekatika na panahitaji uamuzi wako.

6. Mnaso wa uongo ni mbaya kuliko kutonasa

Ncha isiyonasa utaigundua mapema. Inayosumbua ni ile iliyonasa kwa kitu kisicho sahihi.

Namna ya kwanza ni kisanduku cha maandishi. Mtu anachora mstatili, halafu anaweka juu yake kisanduku kingine chenye maneno. Anapounganisha, ncha inashika kile cha maneno kilicho juu. Kila kitu kinaonekana sawa mpaka mstatili usogezwe peke yake, nao unaondoka bila maneno na bila mshale. Andika maneno ndani ya umbo lenyewe: libofye mara mbili na uanze kuandika.

Namna ya pili ni safu za wahusika, ile mistatili mirefu ya nyuma inayoonyesha kazi ya mpokeaji, ya karani na ya mfugaji. Mistatili hiyo ina kingo na nukta zake, na kishale kikikosea sanduku kwa milimita chache ncha inashikwa na safu. Naziweka safu kwenye tabaka lake, kwa kuongeza tabaka jipya kwenye vichupo vya chini ya dirisha, na ninapounganisha nalificha kabisa. Kisichoonekana hakiwezi kunasa.

Maneno ya Ndiyo na Hapana nayo yana mkasa kama huo. Yakiandikwa kwenye kisanduku kilichowekwa karibu na mshale, mshale utahama na neno litabaki, na siku moja Hapana itakuwa imesimama kando ya mshale wa Ndiyo. Bofya kiunganishi mara mbili na uandike neno hapohapo. Sasa ni mali ya mshale na litakwenda nao. Upungufu wake ni kwamba neno linakaa katikati ya njia na mstari unaweza kulipita kati. Kwa mshale wa mlalo, baada ya neno nabonyeza Enter kuongeza mstari mtupu chini yake, na neno linapanda juu ya mshale.

Nikinakili sehemu ya mchoro nachagua maumbo pamoja na mishale yao. Mshale ulionakiliwa peke yake unakuja bila mnaso, kwa kuwa maumbo uliyokuwa umeyashika hayakuja nao.

7. Sogeza kila umbo kabla hujautoa mchoro mkononi

Jaribio ninalofanya mwisho ni rahisi. Nashika umbo la kwanza, nalivuta sentimita chache, natazama kama mishale yake yote imekuja na kama kuna mgeni aliyekuja nayo, halafu Ctrl+Z. Kisha la pili, mpaka la mwisho. Kwa mchoro wa kurasa kadhaa, ambako macho yanachoka, nahifadhi nakala kwa aina ya faili ya `.fodg`. Hii ni maandishi matupu yanayofunguka kwenye kihariri chochote. Natafuta `draw:connector` na kusoma kila kimoja. Kilicho kizima kina sehemu kama hizi, miongoni mwa nyingine:

```
<draw:connector
  draw:start-shape="id3"
  draw:start-glue-point="6"
  draw:end-shape="id4"
  draw:end-glue-point="4">
```

Kama `draw:start-shape` au `draw:end-shape` haipo, ncha hiyo haijanasa popote. Kama umbo limetajwa lakini `glue-point` haipo, imenaswa kwa umbo zima na programu itachagua upande. Na mshale wowote ukitajwa kuishia kwenye umbo ambalo ni la safu ya nyuma, umeupata ule mnaso wa uongo bila kusogeza chochote.

Mchoro ukishapita, wasomaji nawapa PDF, ambayo haibadiliki. Nikiupeleka kwenye programu nyingine ya ofisi kama faili la kuhariri, naukagua upya huko, kwa sababu kila programu ina kanuni zake za kupiga njia ya mshale na kona zinaweza kuhama. Visio ni kesi ya pekee: Draw inafungua faili zake lakini haihifadhi kwa aina hiyo.

Kama wewe ndiye unayemkabidhi mwenzako kazi hii, mpe faili la `.odg` pamoja na PDF. Mwenye PDF peke yake ataanza kuchora upya siku ya mabadiliko ya kwanza.